Kisu, kundi, kipigo: kukariri vipengele vya kosa bila kupoteza sheria yenyewe

*"Mwalimu, habari yako. Niko mwaka wa kwanza wa sheria hapa Kisumu. Nimetengeneza kadi zaidi ya mia mbili za vipengele vya makosa ya jinai na vya toti, yaani makosa ya kudaiana fidia, na karibu kila kosa nimelitungia maneno ya kukumbukia. Kwenye jaribio la katikati ya muhula nilikumbuka yote, lakini nikapata 11 kati ya 30. Mtihani ni wiki tano zijazo. Nakosea wapi? Nimeambatisha picha ya kadi moja."*

Binti yangu, kadi yako nimeitazama kwa makini. Mbele umeandika "Wizi wa mabavu". Nyuma kuna "Kisu, kundi, kipigo. Kifungu 296(2)", na hapo ndipo kadi inapoishia.

Maneno hayo matatu ni mazuri, tena usiyatupe. Yanaanza kwa sauti moja, yanatamkika kwa pumzi moja, na kila moja linaleta picha. Kosa ni kwamba umeyapa kazi isiyo yao. Kikumbusho ni ufunguo wa mlango, nawe umekifanya nyumba nzima. Mtahini hakuulizi ufunguo. Anakupa kisa cha mistari kumi na mbili na kutaka umwonyeshe kila neno la kifungu linagusa wapi kwenye kisa hicho. Neno ambalo halimo kwenye kadi halimo kichwani, na lisilomo kichwani halifiki kwenye karatasi.

Nitakaa na kadi hii moja kwa muda, kwa sababu ukielewa ilichopoteza, nyingine utazirekebisha mwenyewe.

Kifungu 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinataja hali tatu. Mkosaji awe na silaha au chombo cha hatari au cha kudhuru. Au awe pamoja na mtu mwingine mmoja au zaidi. Au, wakati wa unyang'anyi, au mara tu kabla yake, au mara tu baada yake, amjeruhi, ampige au amtendee mtu yeyote ukatili mwingine wa mwili. Sasa lete kadi yako tuilinganishe na kifungu.

La kwanza lililodondoka ni "au". Kadi yako imeweka alama ya mkato kati ya maneno matatu, na akili ya mtu anayekariri huisoma alama hiyo kama "na". Nimesahihisha karatasi nyingi za aina hii. Mwanafunzi anaandika kwamba mshtakiwa alikuwa na rungu lakini hakumpiga mtu, kwa hiyo kosa halikukamilika. Amekumbuka vipengele vitatu vyote na bado amekosea sheria. Mahakama ya Rufani ililieleza jambo hili katika kesi ya Johana Ndungu dhidi ya Jamhuri, mwaka 1996: hali mojawapo kati ya hizo tatu ikithibitishwa, inatosha. Kwa hiyo kikumbusho chako kiwe "kisu AU kundi AU kipigo", nawe ulitamke hilo "au" kwa nguvu kila unapokisema, hata kama walio karibu nawe maktabani watageuka kukutazama.

La pili ni maana iliyobanwa. "Kisu" kinakufanya uone kisu, lakini kifungu kinasema silaha au chombo. Jiwe, nondo, chupa iliyovunjwa, hata spana ya fundi wa pikipiki, vyote vinaweza kuingia kutegemea vilivyotumika. "Kundi" nalo linakupa picha ya vijana wanane, ilhali kifungu kinataka mwenzake mmoja tu. Niliwahi kusoma jibu ambalo mwanafunzi aliwahesabu washtakiwa, akakuta ni wawili, kisha akaandika kwamba wawili si kundi. Sheria haikumwambia hivyo. Neno lake mwenyewe la kukumbukia ndilo lililomwambia.

La tatu ndilo kubwa zaidi, na nadhani ndilo lililokula alama zako. Kadi yako inaanzia kwenye paa. Kabla ya kisu, kundi au kipigo, lazima kuwe na unyang'anyi, na unyang'anyi uko kwenye kifungu 295. Kifungu hicho kinataka mtu awe ameiba kitu, na wakati huohuo, au mara tu kabla au mara tu baada ya kuiba, awe ametumia au ametishia kutumia nguvu dhidi ya mtu au mali, kwa lengo la kukipata kitu hicho, kukishikilia, au kuzuia asipingwe. Na neno "kuiba" lililomo humo linakushusha ngazi nyingine, hadi kifungu 268. Mtu mwenye panga aliyekutishia kisha akaondoka bila kuchukua chochote hajatimiza kosa hili kamili. Kadi yako haina pa kulishikia jambo hilo.

Kadi ya wizi wa mabavu, basi, iwe na ngazi tatu, ukizipanda kutoka chini: ameiba, kwa nguvu yenye lengo, na mojawapo ya yale matatu. Mimi hukumbuka kwa maneno "kaiba, kakaza, kazidisha". Wewe tunga yako. Kikumbusho ulichokitunga mwenyewe hukaa kuliko cha kupewa.

Sasa nikuonyeshe jinsi kosa hilo moja linavyozaa kadi saba badala ya moja.

Kadi ya kwanza ni ya maandishi. Mbele: "Kifungu 295, neno kwa neno." Nyuma: kifungu chenyewe, kwa Kiingereza cha sheria kama kilivyochapishwa, na kila "na" na "au" umezizungushia duara kwa kalamu nyekundu. Mtihani utauandika kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno ya sheria yasitafsiriwe kwenye kadi. Kikumbusho kinaweza kuwa cha Kiswahili, Kijaluo au Kiluhya, lugha yoyote inayokujia haraka ukiwa na wasiwasi. Kadi ya pili ni hiyohiyo kwa kifungu 296(2). Ya tatu inauliza kuhusu neno linalovuja: "Kisu maana yake kisu tu?" Ya nne: "Kundi ni watu wangapi?"

Tatu zilizobaki ni za visa, na hizi ndizo ambazo kati ya kadi zako mia mbili nina hakika huna hata moja. Chukua kisa kimoja kifupi, kisha badilisha jambo moja tu kwenye kila kadi.

Mama anafunga kibanda chake cha omena pale soko la Kibuye, saa moja jioni. Kijana mmoja, mikono mitupu, anaichomoa simu iliyo mkononi mwake na kutimua mbio. Hakumsukuma wala hakumtisha. Ni kosa gani? Ni wizi, na kwa kuwa kitu kimechukuliwa mwilini mwa mtu, kifungu 279 kinaingia. Kuuchukulia ule mchomoko wenyewe kama nguvu ya kifungu 295 ni hoja unayoweza kuijadili, lakini lazima uijadili, usiirukie.

Kadi inayofuata: kijana yuleyule, ila mama ameing'ang'ania simu, naye anamkunja mkono hadi aiachie. Sasa kuna wizi, kuna nguvu, na nguvu hiyo ni ya kukipata kitu. Unyang'anyi umetimia. Je, umezidi kuwa wizi wa mabavu? Hana silaha, hana mwenzake. Unabaki na kipengele cha tatu: kuukunja mkono ni ukatili wa mwili? Hapa ndipo unapogundua kwamba ngazi ya pili na ya tatu zinagusana, kwa kuwa nguvu ileile inayofanya unyang'anyi inaweza pia kuuzidisha. Jibu zuri linaliona jambo hilo na kulisema.

Kadi ya mwisho: hakuna aliyemgusa mama. Kijana anamwambia, "Leta simu au utaona," na mwenzake yuko hatua tatu nyuma juu ya boda boda, injini inanguruma. Mama anaitoa. Hakuna silaha, hakuna pigo. Ukiwa na kadi yako ya zamani utaandika unyang'anyi wa kawaida. Ukiwa na "au" ya duara jekundu utaandika kifungu 296(2), kwa sababu alikuwa pamoja na mtu mwingine mmoja, kisha utaeleza kwa nini yule wa pikipiki yumo kwenye tendo wala si abiria tu.

Kadi ya kisa unaijibu kwa sauti kabla ya kuigeuza. Sentensi nne zinatosha. Ukiigeuza ukasema "ah, nilijua", hukujua. Irudishe nyuma.

Kuna jambo moja kuhusu wizi ambalo lazima nikuulize: kadi zako ulizitoa wapi? Wanafunzi wengi hupakua mafungu ya kadi yaliyokwisha tengenezwa, na mengi kati ya hayo ni ya sheria ya Uingereza. Yatakufundisha wizi wa Sheria ya Wizi ya 1968 ya kule, ambayo inataka nia ya kumnyima mwenyewe kitu chake daima. Ukiibeba hiyo hadi mtihani wa Kenya, umepotea njia. Kifungu chetu cha 268 kinauliza kama mtu alichukua, au aligeuza kwa matumizi ya mtu yeyote asiye mwenye mali, kitu kinachoweza kuibwa, kwa ulaghai na bila madai ya haki. Kisha kinataja nia tano, na yoyote kati ya hizo inatosha kuufanya uchukuaji uwe wa ulaghai. Kumnyima mwenyewe daima ni moja tu. Nyingine ni kukitumia kitu kama dhamana. Kukitoa kwa sharti la kurudishwa ambalo mchukuaji huenda asiweze kulitimiza. Kukifanyia jambo litakalofanya kisirudi katika hali kilivyokuwa. Na kwa pesa, kuzitumia apendavyo hata kama anakusudia kuzilipa baadaye.

Hiyo ya tano iandikie kadi yake peke yake. Mweka hazina wa chama anachukua shilingi 20,000 za wenzake Jumatatu anunue mahindi Kitale, akijua atazirudisha Ijumaa, na kweli Ijumaa anazirudisha. Mwanafunzi wa kadi za Uingereza atahangaika na nia ya kunyima daima na huenda akamwachilia. Wewe utaandika kwamba nia ya kurudisha haimwokoi, kwa maneno ya kifungu chenyewe, kisha ugeukie swali linalobishaniwa kweli: je, katiba ya chama au mazoea yao yalimpa madai ya haki ya kuzitumia?

Kwa hizo nia tano, kukariri herufi za mwanzo peke yake hakufai. Zinafanana mno, na ukisahau moja hutajua ni ipi. Tumia safari. Chukua kitu kimoja, tuseme baiskeli ya jirani, uitembeze. Unaiuza Busia, hairudi tena. Unaiweka kwa mkopeshaji kama dhamana. Unampa mtu kwa sharti la kuikomboa ambalo huenda likakushinda. Unaifungua vipande, kwa hiyo haiwezi kurudi ilivyokuwa. Mwisho unafungua mkoba uliofungwa kwenye usukani na kuzitumia pesa zilizomo. Vituo vitano vya baiskeli moja. Ukifika cha nne unajua kimebaki kimoja, na hiyo ndiyo faida ya safari kuliko herufi.

Toti ni hadithi nyingine. Kwenye jinai una kifungu kilichochapishwa, kwa hiyo nyuma ya kadi ni neno kwa neno. Kwenye toti vipengele vingi vimetoka kwa majaji, kesi moja baada ya nyingine, na kila kipengele kina sababu ya kuwepo. Kadi ya toti isiyo na kesi ni kadi nusu. Ngoja nichukue kanuni ya Rylands dhidi ya Fletcher, iliyofika mwisho wake mwaka 1868. Mtu alijengewa bwawa kwenye ardhi yake, maji yakapenya kwenye mashimo ya zamani ya migodi yaliyokuwa chini na kufurika mgodi wa jirani. Vipengele: mtu ameleta na kulimbikiza kitu kwenye ardhi yake, kitu hicho kikitoroka kitaleta madhara, ni matumizi ya ardhi yasiyo ya kawaida, kimetoroka, na, tangu kesi ya Cambridge Water mwaka 1994, madhara ya aina hiyo yawe yaliweza kuonekana mapema.

Hapa vipengele vina mfuatano wa matukio, kwa hiyo kikumbusho chake kiwe kisa chenye mfuatano. Mimi hutumia chui. Jirani analeta chui bomani. Kila mtu anajua chui akitoka atadhuru. Boma si mahali pa kufugia chui. Chui anaruka ua. Anadhuru kama kila mmoja alivyohofia. Sasa mbadilishe chui: anamrarua mgeni aliyekaribishwa ndani ya boma, hajaruka ua. Umeshapata kesi ya Read dhidi ya J. Lyons, ya 1947, ambapo mkaguzi alijeruhiwa na mlipuko akiwa ndani ya kiwanda cha silaha, akashindwa kwa kanuni hii kwa sababu hakuna kilichotoroka. Kisa hicho kimekupa kipengele pamoja na mpaka wake. Tahadhari moja tu: chui abaki kwenye kadi. Wanyama wana sheria yao, na ukimwingiza chui kwenye jibu kama mfano utamchanganya msahihishaji. Kwenye jibu andika bwawa la mkulima wa Subukia lililobomoka usiku na kufagia shamba la jirani, au lolote swali litakalokupa.

Sasa hizo wiki tano. Kadi mia mbili za aina yako zisikuumize roho, ziweke kando. Chagua makosa na toti kumi ambazo mhadhiri wenu amezifundisha kwa undani, kila moja kadi sita au saba kama nilivyoonyesha. Hiyo ni kama kadi sitini na tano. Andika kumi kwa siku kwa mkono, na katika wiki moja umemaliza. Kuandika kwenyewe ni kusoma, kwa hiyo usimwombe mwenzako akuandikie.

Tafuta kasha la viatu ulitenge sehemu tatu. Ya kwanza unaipitia kila siku, ya pili kila baada ya siku tatu, ya tatu mara moja kwa wiki. Kadi mpya inaanza sehemu ya kwanza. Ukiijibu sawasawa inasogea mbele. Ukikosea, hata kama ilikuwa ya tatu, inarudi mwanzo kabisa. Mpango huu aliueneza mwandishi Sebastian Leitner miaka ya 1970, na programu kama Anki zinafanya jambo la aina hiyo kwa hesabu zao. Kwa kadi sitini na tano kasha linatosha, na halikuletei ujumbe wa simu katikati.

Changanya kadi kabla ya kuanza kila siku. Usipitie wizi wote, halafu unyang'anyi wote, halafu toti. Swali la mtihani halina kichwa cha habari, ni lazima ulitambue kosa kutokana na kisa. Ukipitia kwa mafungu, fungu lenyewe linakunong'oneza jibu nawe hujui kama umenong'onezwa.

Utajisikia unafanya vibaya zaidi kuliko ulipokuwa ukisoma madaftari tu. Jambo hilo lilipimwa. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi maandishi. Wengine wakayasoma tena na tena, wengine wakajipima kwa kuyakumbuka. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya siku mbili, na hata baada ya wiki, waliojipima ndio waliokuwa mbele. Kwa hiyo ule ugumu unaousikia jioni usiuchukue kama ishara ya kuacha.

Kipimo cha kweli kisiwe kadi. Kila Jumamosi chukua swali moja la mtihani wa miaka iliyopita, karatasi tupu, dakika thelathini, kadi ziwe chumba kingine. Andika vipengele, kisha gusisha kila kimoja na jambo kwenye kisa. Ukimaliza, chukua kalamu nyekundu na utie alama mbili tofauti: duara pale ulipolisahau neno la sheria, mstari pale ulipolikumbuka lakini hukuliunganisha na kisa. Duara zikiwa nyingi, kadi za maandishi zinahitaji kazi. Mistari ikiwa mingi, andika kadi zaidi za visa na usiongeze kikumbusho hata kimoja. Kwa alama 11 ulizopata ilhali ulikumbuka kila kitu, natarajia Jumamosi ya kwanza utaona mistari mingi kuliko duara.

Adhabu ziwekee kadi zake, usizichanganye na vipengele. Na ukiandika kuhusu adhabu ya kifo, uwe mwangalifu na uamuzi wa Muruatetu wa mwaka 2017, ulioondoa ulazima wa adhabu hiyo: Mahakama ya Juu ilieleza mwaka 2021 kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji chini ya kifungu 204. Wengi huuhamishia moja kwa moja kwenye wizi wa mabavu, ambao nao adhabu yake ni kifo, na kupoteza alama kwenye mstari wa mwisho wa jibu zuri.

Anza leo usiku na hiyo kadi uliyonitumia. Ichane, uandike zile saba, kisha kesho asubuhi, kabla ya chai, ijibu ile ya boda boda kwa sauti.